Ofa Imefika, Barua ya Kuacha Kazi Isubiri Kwanza

Mhadhara kwa wafanyakazi vijana, Mbeya

Asanteni. Kaeni, kaeni. Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wenyeji nimewasalimia mlangoni, na wa Tukuyu nimewaona wamejificha nyuma kama kawaida.

Mwenyekiti amenipa nusu saa na mambo matatu: notisi, bondi ya mafunzo, na kile kifungu cha kutoshindana, kinachokuzuia kufanya kazi ya kushindana na mwajiri wako ukishaondoka. Nakwambieni mapema kwamba notisi itakula muda. Nimekaa ofisi za utumishi miaka mingi, mashambani na viwandani, na watu niliowaona wakiondoka wanalia, wengi hawakulizwa na mambo makubwa. Walilizwa na tarehe.

Nianze na kijana mmoja, bwana shamba kwenye chai kule Mufindi. Jina tuliache, na kampuni tuiache. Mshahara wake ulikuwa shilingi 1,200,000. Ikaja ofa ya parachichi, Njombe, shilingi 1,700,000. Barua ya ofa ilisema aripoti tarehe 1 Machi. Tarehe 6 Februari akapeleka barua ya kuacha kazi, na tarehe 28 Februari akarudisha pikipiki ya kampuni, akaaga, akapanda basi. Alikuwa na amani kabisa, kwa sababu rafiki yake alimwambia notisi kisheria ni siku 28, na yeye alikuwa ametoa 22, sasa siku sita nani atazihesabu?

Rafiki hakuwa amedanganya. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema hivyo: kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi isipungue siku 28, isipokuwa ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, ambapo ni siku saba. Sikilizeni hilo neno "isipungue". Hicho ni kiwango cha chini. Kifungu hichohicho kinaruhusu mkataba uweke muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Ukiona mkataba unaosema mwajiri anakupa mwezi mmoja na wewe unampa mitatu, hapo una hoja. Mkataba wa kijana wetu ulisema miezi mitatu kwa kila upande. Aliusaini mwenyewe miaka minne nyuma, akauweka kwenye bahasha na cheti cha ubatizo.

Sasa tuhesabu. Miezi mitatu kuanzia 6 Februari inafika 5 Mei. Ameondoka mwisho wa Februari. Zimebaki Machi nzima, Aprili nzima na siku tano za Mei. Miezi miwili ni 2,400,000. Siku tano, tukigawa mwezi kwa 30 kurahisisha, ni 200,000. Jumla 2,600,000. Na sheria inasema mfanyakazi akikataa kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaweza kukata kiasi hicho kwenye stahiki zake za mwisho. Stahiki zake zilikuwa nini? Mshahara wa Februari, 1,200,000, na siku 14 za likizo ambazo hakuzitumia, 560,000. Jumla 1,760,000. Zote zikaenda. Akabaki anaandikiwa barua kwamba bado anadaiwa 840,000. Hiyo salio hawakuwa na mahali pa kuikata tena, ilibidi waidai kama deni lingine lolote. Lakini mtu umeanza kazi mpya, chumba Njombe unatakiwa kukilipia miezi kadhaa mbele, na mshahara wa Februari uliokuwa unautegemea haupo. Hiyo 2,600,000 ni nyongeza yake ya miezi mitano na kidogo.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Mimi ningechukua zile siku 14 za likizo ndani ya notisi, nimemaliza." Kila nikisema habari hizi, huyo mtu yupo! Hapana, ndugu yangu. Sheria inakataza notisi kutolewa wakati wa likizo, na inakataza notisi na likizo kwenda sambamba. Likizo unalipwa au unakwenda, kisha notisi inahesabiwa peke yake. Mnaweza kuelewana vingine na mwajiri akikuachilia kwa hiari, lakini hayo ni maelewano, na maelewano yaandikwe.

Kilichoniuma zaidi ni mazungumzo yaliyokuja baadaye. Yule meneja wa Njombe alipoambiwa, alishangaa. Shamba lenyewe lilikuwa bado linachimbwa mashimo, miche iko kitaluni. Akasema, "Kijana angeniambia ana miezi mitatu, ningeandika Mei." Hiyo 1 Machi ilikuwa imewekwa na karani kwa sababu ni mwanzo wa mwezi. Basi. Vijana wengi mnaiona tarehe ya kuripoti kama amri ya jeshi, wakati ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kubadilishwa kwenye ofa, rahisi kuliko mshahara. Unaandika sentensi mbili: nimeipokea ofa, mkataba wangu wa sasa una notisi ya miezi mitatu, naomba tarehe ya kuripoti iwe 6 Mei. Wakisema hawawezi kusubiri, uliza kama watabeba gharama ya notisi yako. Wapo wanaolipa. Halafu mwombe mwajiri wa sasa, kwa maandishi, akuachilie mapema. Wapo wanaokubali, hasa ukiwa umekabidhi kazi vizuri na aliyebaki anajua funguo ziko wapi.

Na kabla hujamwambia mwajiri wa sasa lolote, angalia kama ofa yenyewe imekamilika. Ofa nyingi zina mstari chini: kwa kutegemea vipimo vya afya, uhakiki wa vyeti, maoni ya mwajiri wa awali. Mstari huo ukiwepo, bado huna kazi mpya. Una ahadi yenye masharti. Subiri masharti yaishe, upate maandishi, ndipo barua yako itoke.

Kuna wenzetu wa mkataba wa muda maalum, wale wa miradi, miaka miwili, mitatu. Ninyi msikie tofauti. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 42, zinasema aliyeingia mkataba wa muda maalum anaweza kuacha kazi kabla ya muda iwapo tu mwajiri amevunja mkataba kwa kiasi kikubwa, la sivyo apate makubaliano ya mwajiri kuumaliza mapema. Kwa hiyo ukienda kwenye mkataba wako usione kabisa kifungu cha notisi, usijifariji na siku 28. Unahitaji mazungumzo na karatasi ya makubaliano. Nimemwona mhasibu wa mradi Iringa aliyedhani kutokuwepo kwa kifungu kunampa uhuru, kumbe ndiko kulikokuwa kumemfunga.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona, mzee wangu. Nakwenda kwenye bondi.

Ofa ya huyohuyo bwana shamba ilikuwa na bondi. Kampuni ingemsomesha ukaguzi wa viwango vya mauzo ya nje, kisha atumikie miezi 24, akiondoka kabla arejeshe 4,800,000. Aliniletea akisema, "Mzee, si nitakaa tu?" Nikamwambia hatusomi bondi kwa kuangalia ukikaa. Tunasoma kwa siku utakayotaka kuondoka. Chukua mwezi wa 18. Kama bondi inapungua kila mwezi, 4,800,000 kwa miezi 24 ni 200,000 kwa mwezi, imebaki miezi sita, unadaiwa 1,200,000. Kama haipungui, unadaiwa 4,800,000 yote, hata ukiondoka mwezi wa 23. Ukurasa ni uleule, mafunzo ni yaleyale, tofauti ni shilingi 3,600,000. Na ya kwake ilikuwa haipungui.

Halafu tukatafuta saa inaanza lini. Haikusema tangu kuripoti, ilisema "baada ya kuhitimu mafunzo". Mafunzo yangeanza lini? Haikuandikwa. Yakianza mwaka wa pili, miezi 24 inageuka miaka mitatu na zaidi. Tukatafuta tena: je, wakimwachisha wao, bado anadaiwa? Kimya. Na 4,800,000 imetoka wapi, ni ada yenye risiti au wamejumlisha na mishahara ya siku za darasani? Kimya vilevile. Sheria yetu ya Mikataba inasema pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, anayestahili anapata fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kwa hiyo kiasi kilichotajwa ni kikomo, si lazima kiwe ndicho unachodaiwa. Ila kumbuka jambo moja: mwajiri haruhusiwi kukata mshahara wako ovyo, lakini akiwa na maandishi yako ya kukubali deni likatwe, mlango umeufungua wewe. Maandishi hayo mara nyingi yamo ndani ya bondi, mstari wa mwisho, juu ya sahihi.

Tukaandika maombi manne, barua ya nusu ukurasa. Walikubali matatu: ipungue kila mwezi, isidaiwe wakimwachisha wao bila kosa lake, na kiasi kiwe cha risiti. La saa kuanza siku ya kuripoti walikataa, tukapata nusu yake, kwamba mafunzo yafanyike ndani ya miezi sita ya kwanza. Ni kampuni ileile ambayo tarehe yake kijana aliipokea kama amri ya jeshi.

Ah, na wakitaka kushika vyeti vyako halisi kama dhamana ya bondi, wape nakala zilizothibitishwa na wakili. Vyeti virudi nyumbani.

Kutoshindana, dakika mbili. Soma vitu vitatu: kazi gani, wapi, muda gani. Ofa ya bwana shamba wetu ilisema akiondoka asifanye "kazi ya kilimo cha mazao ya bustani Nyanda za Juu Kusini" kwa miezi 12. Kwa mtu wa parachichi mwenye familia Makambako hiyo ni kuhamia Moshi. Kuzuiwa kuwachukua wakulima wa mkataba wa kampuni, au orodha yao ya wanunuzi, ni jambo linaloeleweka, na ndilo waliloliogopa. Basi liandikwe hilo, pamoja na majina ya wilaya. Ubishi wa kama mahakama itakubali kifungu kipana namna hiyo mpelekee wakili, mimi nataka usifike huko.

Na kuna mtego mdogo ambao watu hawauoni. Ofa nyingi zina sentensi, "Nathibitisha sifungwi na mkataba mwingine wowote." Ukisaini hiyo wakati mkataba wako wa chai una kifungu cha kutoshindana, au bondi ambayo haijaisha, umeanza kazi mpya na uongo kwenye faili. Toa ule mkataba wa zamani kwenye bahasha ya ubatizo, usome kwanza.

Dada pale, uliyenyoosha mkono tangu nimeanza. Famasi, Mwanjelwa? Notisi mwezi mmoja, bondi imebaki miezi mitatu? Basi angalia bondi yako inahesabu mpaka siku ya kupeleka barua au siku ya mwisho kazini. Ikiwa ni siku ya mwisho kazini, barua yako ipeleke ikishapita miezi miwili kuanzia sasa, na notisi yenyewe ndiyo imalizie bondi. Una nakala hapo? Ilete.