Choma Uzi Kabla Hujanunua Kitenge

Vitenge viwili hivi, cha bluu na chekundu, muuzaji wa jumla alisema vyote ni pamba tupu. Kimoja si pamba tupu. Usiondoke, leo tunachoma uzi hapa hapa mezani, na ukimaliza kuangalia utaweza mwenyewe.

Karibuni Kariakoo, Mtaa wa Congo. Hii ndiyo video yangu ya kwanza, kwa hiyo mkisikia mtu anaita "maji baridi, maji," jamani, huyo sikumlipa. Simu nimeiegemeza kwenye majora. Ikianguka, nisubirini.

Mahitaji ni machache: mkasi, kiberiti, kibano kile cha kuchongea nyusi, sinia la bati, na kopo la maji karibu. Vitenge vingine visogezwe mbali na moto. Twende.

Kata kipande kidogo, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Kata upande ule uliokatwa na mkasi, na usogee ndani kidogo, usichukue ukingo wenye maandishi, kwa sababu nyuzi za pale ukingoni zinaweza kuwa tofauti na za nguo yenyewe. Na kama uko dukani kwa mtu, omba kwanza! Mimi nakata cha kwangu.

Sasa hapa naomba mtulie. Kitambaa kina nyuzi za aina mbili: zinazokwenda sambamba na yale maandishi, hizo ni za urefu, na zinazokatiza, hizo ni za upana. Zichomoe, za urefu weka kushoto, za upana weka kulia. Usizichanganye. Narudia, usizichanganye, maana wapo wanaofuma urefu kwa pamba na upana kwa polista, na ukichoma upande mmoja tu utashangilia bure.

Tunaanza na bluu. Nasokota nyuzi chache za urefu, nazishika kwa kibano, nawasha... Aa, upepo. Zima feni, mwanangu. Zima kabisa. Haya, tena.

Mnaona? Imeshika moto mara moja, haikujikunja kuukimbia. Nimeupuliza moto, na bado ncha ina kaa jekundu linatembea. Harufu ni ya karatasi iliyoungua. Jivu hili hapa, ngoja nisogeze simu... la kijivu, nikiligusa linakuwa unga. Za upana nazo, hivyo hivyo. Bluu amepita.

Chekundu. Urefu: jivu laini. Hapo ndipo mtu analipa na kuondoka. Upana sasa, angalieni vizuri. Umejikunja kabla moto haujaufikia, umeyeyuka, moshi mweusi, na umeacha kitone. Usikiguse! Kikiwa cha moto kinanata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Acha kipoe kwenye sinia kwanza. Nasema tena, hata kama unaona kimezima, acha kipoe. Sasa kimepoa, sikieni: tk, tk. Kigumu kama punje ya mchele mbichi. Hiyo ni polista, na polista haifyonzi jasho kama pamba. Gauni la kushinda nalo sokoni mchana wa Januari, mimi siwezi. Pazia, sawa, nitakuuzia, lakini kwa bei yake na jina lake.

Moto huu una mipaka. Viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na miti, nayo inaungua kama karatasi, kwa hiyo jivu laini linakuhakikishia hakuna polista, halikuhakikishii kila kitu. Viskosi mara nyingi inateleza mkononi, inaanguka laini, na ikilowa inalegea. Lowesha uzi uuvute: wa pamba hauwi dhaifu ukilowa, wa viskosi unakatika kirahisi kuliko ulipokuwa mkavu.

Rangi haraka haraka: kitambaa cheupe, kiloweshe, kikamue, kisugue juu ya kitenge mara kumi. Bluu hii imeacha doa hafifu, sikufichi. Rangi nzito mpya huacha kidogo, ndiyo maana mara ya kwanza fua peke yake, maji baridi, anika kivulini. Ikiacha doa zito kama wino, rudisha. Na kabla fundi hajakata, loweka kitambaa, kikauke, kipigwe pasi, kwa sababu pamba hurudi.

Bluu hii ninayo, na ya njano, na ya kijani yenye maua makubwa, ambayo kwa kweli naipenda kuliko zote. Ni pisi za yadi sita. Namba iko chini ya skrini, WhatsApp tu, simu sokoni siisikii. Tuma picha ya ua ulilopenda, nami kabla hujalipa nakata uzi wa pisi yako hiyo hiyo, urefu na upana, nauchoma, nakutumia video. Ukiona kitone, usinunue. Wa mikoani natuma kwa basi, nauli ya mzigo ni yako, na risiti ya basi nakupigia picha.

Mwanangu, washa feni.