Barua Moja kwa Juma Zima: Ratiba ya Kiingereza kwa Mtu Aliye Kazini

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika jioni hii, ilhali najua wengi mmetoka ofisini moja kwa moja na foleni ya Kampala haijawahurumia. Baadhi yenu mmesomea Kongo kwa Kifaransa, wengine mmetoka Tanzania, na wapo waliokulia kwenye kambi za jeshi ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kila siku. Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, lakini ripoti ya mwezi na usaili wa kupandishwa cheo bado ni mambo ya Kiingereza.

Nitazungumzia jambo moja tu, nalo ni namna ya kuitumia barua moja kwa juma zima. Mwanafunzi wangu wa kawaida, mtu mzima mwenye kazi na watoto, huanza kwa bidii: Jumatatu sarufi, Jumanne filamu, Jumatano orodha ya maneno, Alhamisi kitu kingine kipya. Ikifika Jumamosi hakuna hata kitu kimoja alichokutana nacho mara mbili. Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand, alipendekeza muda wa kujifunza ugawanywe takriban sawa kwa mambo manne: kusoma na kusikiliza, kusema na kuandika, kuichunguza lugha yenyewe, na kujizoeza wepesi kwa mambo ambayo mtu tayari anayajua. Sisi hulipa muda wote lile la tatu, na la nne hatuligusi kabisa.

Nimchukue dada mmoja niliyemfundisha, karani wa kampuni ya uwakala wa forodha hapa mjini, mzaliwa wa Bukavu, Kongo. Alikuwa akiitaka nafasi ya msimamizi, na msimamizi ndiye anayempigia mteja simu kumweleza kwa nini mzigo wake haujavuka mpaka wa Malaba. Tulikubaliana nusu saa kwa siku, siku 6, yaani saa 3 kwa juma, na Jumapili hakuna kusoma.

Jumatatu alichagua barua pepe moja ya kazini, ya maneno kama 200, iliyoandikwa na mwenzake ambaye Kiingereza chake kinaaminika ofisini. (Majina ya wateja na viwango vya fedha aliviondoa kwanza, maana siri ya ofisi si mali ya darasa.) Kipimo cha ugumu ni rahisi: ili mtu asome kwa utulivu bila kamusi, anahitaji kuyajua takriban maneno 98 katika kila 100. Katika barua ya maneno 200, basi, yakizidi manne asiyoyajua, atafute nyingine. Kisha alinakili kwenye kadi mafungu 8 ya maneno, wala si neno mojamoja. Aliandika "has been delayed by" yote pamoja, kwa sababu aliyejifunza "delay" peke yake bado hajui atie nini mbele yake na nini nyuma yake.

Kwa nini mafungu 8 tu? Hebu tupige hesabu. Kila kadi inarudiwa mara nne: Jumanne, Ijumaa, Ijumaa inayofuata, na tena baada ya majuma matatu. Kadi 8 zinazaa marudio 32. Anayeongeza maneno 20 kila siku anajitwika kadi 140 kwa juma, na deni lake ni marudio 560. Haupiti mwezi kabla hajalitupa sanduku la kadi uvunguni mwa kitanda.

Jumanne ilikuwa ya kusikiliza. Mwenzake alimsomea barua ile akairekodi kwenye simu, naye akaisikiliza ndani ya taksi akirudi nyumbani, akiisimamisha kila baada ya sentensi na kuirudia kwa sauti ya chini.

Jumatano aliifunika barua, akaandika ya kwake ya maneno kama 120 kwa mteja wa kubuni, na Alhamisi akaisahihisha. Hapa ndipo penye utajiri. Aliandika hivi:

"I have sent the documents yesterday."

Kwetu "nimezituma jana" haisumbui sikio la mtu, na Kifaransa nacho huunda wakati uliopita kwa namna inayofanana na hiyo, kwa hiyo dada yetu alikuwa amenaswa na lugha mbili kwa mpigo. Kiingereza hakikubali: ukishataja jana, au Jumatatu, au saa 4 asubuhi, unasema "I sent". Ukiacha kutaja wakati, na jambo bado linagusa sasa, ndipo "have" inapopata nafasi. Alilifungulia kosa hilo ukurasa wake kwenye daftari, na kila Alhamisi akahesabu limetokea mara ngapi. Nilimruhusu kufuatilia aina mbili tu za makosa kwa wakati mmoja. Anayemwomba mwenzake amsahihishe kila kitu hurudishiwa karatasi iliyojaa wino mwekundu, na hajui aanzie wapi.

Ijumaa ndiyo siku ya kusema. Alimweleza mtu habari ya mzigo uliochelewa kwa dakika 4, kisha akamweleza mwingine habari ileile kwa dakika 3, kisha wa tatu kwa dakika 2. Wasikilizaji wanabadilika ili masimulizi yabaki masimulizi. Asiye na watu watatu anaweza kuongea na simu yake. Muda ukipungua, ulimi hauna nafasi ya kutafuta maneno mapya, unalazimika kuyakimbiza yale uliyo nayo. Lakini zoezi hili lina hatari yake, na ndiyo sababu nimeliweka baada ya kusahihisha: kosa lililomo katika masimulizi ya kwanza huelekea kurudiwa katika ya pili na ya tatu, na hapo mtu anajizoeza kukosea upesi. Anayesema Jumanne na kusahihisha Ijumaa ameigeuza ratiba kichwa chini.

Jumamosi alirekodi dakika 2 za simulizi lilelile, akaandika tarehe, akaihifadhi.

Ndugu aliyeketi karibu na mlango ameuliza: na mwisho wa mwezi, hesabu zinapofungwa na mtu anatoka kazini saa 3 usiku? Juma hilo usichukue barua mpya. Rudi kwa ya zamani, uisome Jumatatu na uisimulie Ijumaa, basi. Siku zilizokupita usizilipe Jumapili, kwa maana hayo malipo ndiyo yanayomfanya mtu aichukie ratiba nzima.

Baada ya majuma 8 tulikaa na dada yule tukasikiliza rekodi ya kwanza na ya mwisho. Hatukutafuta kasi, wala lafudhi ya Kizungu. Tulisikiliza vituo vyake vinaangukia wapi. Kila msemaji hutua kuvuta pumzi, hata mwenye lugha, ila mwenye lugha kwa kawaida hutua mwisho wa fungu la maneno, na mwanafunzi hukwama katikati yake, baina ya kitenzi na kinachokifuata. Katika rekodi ya kwanza alikwama baada ya "has been" karibu kila mara. Katika ya nane alilisema fungu lote kwa pumzi moja, akatua, kisha akataja sababu. "The" bado alikuwa akiiruka kama mwanzo, nasi tukaifungulia ukurasa wake kwenye daftari juma la 9.