Uuze Mikataba Mingapi? Kanuni ya Kelly kwa Muuzaji wa Opsheni

Ndugu zangu, leo sitazungumzia lini uingie sokoni. Nataka tuzungumzie ukubwa wa biashara, kwa sababu akaunti nyingi za wauzaji wa opsheni huungua hapo hata pale mwenye akaunti anapokuwa sahihi kuhusu soko.

Tuchukue biashara moja. Unauza puti, yaani opsheni inayompa mnunuzi haki ya kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, na papo hapo unanunua nyingine ambayo bei yake iliyopangwa ni ya chini kidogo, ili kuweka kikomo cha hasara. Unapokea ada ya dola 100 kwa mkataba. Soko likitulia, ada ni yako. Likianguka na kuzipita bei zote mbili, unapoteza dola 400. Tuchukulie hakuna matokeo ya katikati. Mtaji wako ni dola 20,000, na katika biashara zako 100 zilizopita umeshinda 85.

Mwaka 1956 John Kelly, mtafiti wa Maabara za Bell kule Marekani, alionyesha ni sehemu gani ya mtaji uiweke hatarini ili ukue kwa kasi kubwa zaidi kwa muda mrefu. Kwa biashara yenye matokeo mawili, kanuni yake ni hii:

```
f = p - q/b
```

Hapo p ni uwezekano wa kushinda, q ni wa kushindwa, na b ni faida ukiigawa kwa hasara. Kwetu b ni 100 kwa 400, yaani 0.25. Basi f ni 0.85 toa 0.60, sawa na 0.25. Kelly anakuambia uweke hatarini robo ya mtaji, dola 5,000, ambayo ni mikataba 12. Ukishinda 85 katika kila 100 kwa kiwango hicho cha robo, dola 20,000 zinafika kama 46,000.

Sasa itazameni ile 85 kwa makini. Katika biashara 100 tu, kosa la kawaida la makadirio ni karibu asilimia 3.6. Huenda uwezekano wa kweli ni asilimia 82, na wewe usiweze kujua kwa kutazama daftari lako. Kwa 82 biashara bado ina faida: wastani ni dola 10 kwa kila mkataba. Lakini ukiendelea kuweka robo ya mtaji, baada ya ushindi 82 na hasara 18 unabaki na dola 16,260 hivi. Biashara ina faida, akaunti inapungua!

Sababu ni hii. Hasara moja inachukua robo ya akaunti, ilhali ushindi mmoja unairudishia asilimia 6.25 tu. Kufidia hasara moja kunahitaji karibu ushindi 5, si 4 kama hesabu ya dola inavyoonyesha. Kwa hiyo unahitaji kushinda zaidi ya asilimia 82.6 ndipo usirudi nyuma.

Hapa muuzaji anatofautiana na mnunuzi. Anayelipa dola 100 kutafuta 400, akikosea makadirio kwa asilimia 1, kiwango chake cha Kelly kinasogea kwa asilimia 1.25. Cha muuzaji kinasogea kwa asilimia 5. Na daftari la muuzaji ndilo linalodanganya zaidi, kwa kuwa hasara ni chache na huchelewa kuonekana.

Mimi nasema, tumia nusu ya Kelly au chini yake. Kwa mikataba 6, yaani karibu asilimia 12.5, hata ile 82 inakufikisha kama dola 22,500. Hatari ya kuporomoka nayo inapungua sana. Kwa hesabu ya soko linalosogea bila kuruka, anayefuata Kelly nzima ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuiona siku moja akaunti ikifika nusu ya ilipo leo. Wa nusu ya Kelly ana asilimia 12.5. Lakini opsheni huruka, kwa hiyo zichukulieni namba hizo kuwa za matumaini.

Kuna sakafu pia. Mkataba haugawanyiki. Akaunti ikishuka hadi dola 1,600, mkataba mmoja tu tayari ni robo ya mtaji. Kuanzia hapo huwezi tena kupunguza, na hasara nne mfululizo zinakumaliza.

La mwisho ni la wale wanaouza puti za hisa tano tofauti wakiamini wamegawa hatari. Tarehe 5 Februari 2018 VIX, kipimo cha msukosuko unaotarajiwa katika soko la hisa la Marekani, kilipanda kutoka 17 hadi 37 kwa siku moja, na hisa za Marekani zikaanguka pamoja. Siku kama hiyo biashara zako tano ni biashara moja. Ile mikataba 6 ni ya akaunti nzima; usiuze 6 kwa kila hisa.