Picha si Saa: Utapeli wa Saa za Mkononi Mtandaoni

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuna tangazo moja la kubuni, ila limeundwa jinsi hasa yanavyoundwa. Saa ni Seiko SKX007, ile ya wapiga mbizi. Picha nne safi, bei iko chini ya nusu ya wauzaji wengine, na muuzaji anasema, "Wapo wawili wanaitaka, tuma arbuni nikushikie."

BARAKA: Na kachagua vizuri huyo. Seiko waliacha kuitengeneza, kwa hiyo wanunuzi wanaitafuta kwa watu binafsi, na picha zake zimejaa mtandaoni.

ZUHURA: Basi tuanze na picha. Wengi wanasema ipitishe kwenye Google Lens uone imetoka wapi.

BARAKA: Fanya, haichukui dakika. Ikitokea kwenye tangazo la zamani la mtu mwingine, umemaliza kazi. Isipotokea, bado hujajua lolote, maana picha inaweza kuwa imechukuliwa kwenye kundi la faragha ambalo Google hailioni. Mimi nazilinganisha zile picha nne zenyewe. Angalia mikwaruzo: kama pete ya nje ina alama karibu na 20 kwenye picha ya kwanza, iwepo na kwenye ya tatu. Kisha geuza saa, soma mgongo. SKX007 huandikwa 7S26-0020, na nyingine 7S26-0029. Tapeli wetu katuma mgongo unaosomeka 7S26-0030.

ZUHURA: Hiyo ni ya SKX013, mdogo wake.

BARAKA: Ndiyo. Uso wa saa moja, mgongo wa saa nyingine. Kaokoteza.

ZUHURA: Tuseme picha zimelingana. Hapo watu huomba karatasi yenye jina na tarehe pembeni ya saa.

BARAKA: Karatasi nyeupe ndiyo kitu chepesi kuliko vyote kubandika juu ya picha. Omba mishale. Mwambie, "Mshale mrefu uweke kwenye 5, mfupi kati ya 7 na 8, unipigie picha." Anayeihariri picha ya zamani huuacha mshale mfupi umesimama juu ya 7 kabisa, kumbe saa halisi ikifika dakika ya 25 ule mshale umeshakaribia nusu ya njia kwenda 8. Tena picha nyingi za matangazo zina mishale kwenye 10 na 2, kwa hiyo mkao huo wa ajabu hatakuwa nao akibani.

ZUHURA: Na video?

BARAKA: Video fupi ni bora zaidi. Mwombe avute nje kile kifundo cha kurekebishia saa, kamera ikitazama mshale wa sekunde. Mashine iliyo ndani ya SKX007, yaani 7S26, haisimamishi sekunde; mshale unaendelea kutembea. Ukisimama, ndani kuna mashine nyingine, hata kama saa anayo kweli.

ZUHURA: Lakini hapo umethibitisha kwamba saa iko mkononi mwake. Hujathibitisha kwamba ataituma.

BARAKA: Sawa kabisa, na watu wengi hupigwa hapo. Jina la anayepokea pesa liwe la muuzaji. Ukiambiwa "tuma kwa namba ya shemeji, yangu imejaa," acha.

ZUHURA: Wapo wanaoleta PayPal, halafu wanasisitiza utume kama kwa rafiki au ndugu, eti kukwepa makato.

BARAKA: Njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi. Makato anayoyakwepa ndiyo kinga yako. Na akikuletea "mtu wa kati" wa kushika pesa kwa kiungo alichotuma yeye, huyo wa kati ni yeye mwenyewe. Chagua wewe, na anwani ya tovuti uiandike kwa mkono wako.

ZUHURA: Arbuni ikishatoka, hadithi haiishii hapo.

BARAKA: Ndo kwanza inaanza! Kesho yake unaletewa ukurasa wa kufuatilia mzigo: mzigo umezuiwa, lipa bima, utarudishiwa ukipokea. Ukilipa, inakuja ya forodha. Kila mara kiasi ni kidogo ukilinganisha na ulichokwisha kutoa, kwa hiyo unaona bora umalizie. Namba ya mzigo ijaribu kwenye tovuti halisi ya msafirishaji, siyo kwenye kiungo ulichopewa.

ZUHURA: Na aliyeshatuma?

BARAKA: Apige benki au mtandao wake wa pesa saa hiyo hiyo, kabla hazijatolewa upande wa pili. Apige skrinshoti za mazungumzo na anakili kiungo cha akaunti kabla hajablokiwa, maana jina linabadilishwa kwa sekunde, kiungo kinasaidia wachunguzi. Halafu akienda kulalamika hadharani, atafuatwa inboksi na mtu wa "kurudisha pesa zilizoibwa" kwa ada ya kutanguliza. Mara nyingi ni genge lile lile.