Ankara ya Maji Yenye Makosa: Kutoka Dirisha la Mamlaka Hadi EWURA

Ndugu watazamaji wa Moshi na vitongoji vyake, ankara mnayoiona hapa ni ya nyumba ambayo kwa kawaida hutumia uniti 14 kwa mwezi. Usomaji wa awali ni 1284, wa tarehe 28 Mei ni 1371, kwa hiyo mteja anadaiwa uniti 87, yaani lita 87,000.

Kabla ya kuandika neno lolote, fungeni mabomba yote, kisha tazameni kinyota kidogo kwenye uso wa dira. Kikizunguka, maji yanavuja ndani ya nyumba yenu na lalamiko litaishia hapo. Hapa kimetulia. Sasa pigeni picha tarakimu nyeusi, ambazo ndizo uniti, na muache zile nyekundu. Picha hii ya tarehe 9 Juni inasomeka 1307, na kwa kuwa dira hairudi nyuma, haiwezekani ilikuwa 1371 siku 12 kabla. Inaelekea msomaji aliona 1301, akaandika saba mahali pa sifuri.

Andikeni barua kwa mamlaka ya maji, mkitaja namba ya akaunti, namba ya dira, masomo yote matatu, na ombi moja lililo wazi: ankara irekebishwe. Chapeni nakala mbili. Moja ibaki masjala, na ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha mrudi nayo nyumbani. Msikubali kuambiwa "iache tu mezani, mama", kwa sababu karatasi isiyo na mhuri haithibitishi kwamba mlifika. Mkipigiwa simu, andikeni siku hiyohiyo barua fupi inayoanza "Kufuatia mazungumzo yetu ya simu", mtaje cheo cha aliyezungumza na alichoahidi.

Majibu yasiporidhisha, au yasipokuja hata baada ya barua ya kukumbushia, pelekeni lalamiko EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini ipo Arusha. Anayeanzia huko bila kupitia kwa mtoa huduma hurudishwa, na ndiyo maana mhuri ule una uzito kuliko maneno makali. Jazeni fomu ya malalamiko, mkiambatisha ankara za miezi sita, picha, barua na risiti, zikiwa zimepangwa kwa tarehe na kupewa namba, ili kila sentensi ya maelezo yenu ielekeze kwenye kiambatisho chake. Asiyeweza kuandika asaidiwe na EWURA CCC, baraza la watumiaji wa huduma za nishati na maji.

EWURA humtaka mtoa huduma ajibu kwa maandishi, kisha huwakutanisha kwa usuluhishi. Mkishindwa kupatana, shauri husikilizwa na kutolewa uamuzi, na asiyeridhika hukata rufaa Baraza la Ushindani. Katika kila kikao nendeni na nakala. Faili halisi libaki nyumbani.