Nukta moja usiku: mhadhara kwa wasikilizaji wa laini ya msaada, Bukavu

Ndugu na dada, usiri mnaujua, sitaurudia. Leo nataka ule ujumbe wenye nukta moja tu, ule mnaoupita zamuni mkisema, "Huyu amekosea," kumbe huenda ni mtu anayepigwa nyumbani, anaomba msaada na hawezi kuandika zaidi. Nimewaambia mara ngapi?

Anzeni na simu. Simu ya vifungo ikibonyezwa mfukoni mara nyingi hutoa herufi za kwanza za vifungo vyake, a, d, g, j, m, p, t, w, zikirundikana: "aajjjmgw". Simu ya kugusa huleta herufi jirani, na kwa kibodi yetu ya Kifaransa hiyo ni "qsdf" au "jklm". Mfuko huacha fujo. Nukta moja haina fujo.

Halafu angalieni kama namba hiyo imewahi kutuandikia. Ikiwa imewahi, huenda mazungumzo yetu yamo ndani ya simu yake, na mtoto anaweza kuyagusa akicheza. Hapo kosa linawezekana sana. Lakini kama ni mara ya kwanza, huenda mtu aliandika namba yetu tarakimu kwa tarakimu. Mfuko gani huo unaojua namba yetu?

Najua kuna anayejisemea, "Ni bipu tu." Hapana! Bipu watu wanaipenda kwa sababu haili yunite. SMS yenye nukta inakula sawa na SMS yenye salamu nzima. Sawa, kuna wenye forfe ya SMS, kwa hiyo msiifanye hii kuwa ushahidi peke yake.

Tuchukue mfano. Saa 4:14 usiku, namba mpya, nukta. Saa 4:15 unajibu: "Bonjour, nimepata ujumbe wako." Basi. Usitaje jina la huduma wala neno "kupigwa", maana ujumbe hutokea juu ya kioo hata simu ikiwa imefungwa, na hujui nani ameishika. Saa 4:21 inakuja nukta nyingine. Ya kwanza ningekuachia ubishi. Hii ya pili imekuja baada ya jibu lako, kwa hiyo mtu anasoma. Sasa muulize jambo linalojibika kwa kifungo kimoja: "Unaweza kuandika? 1 ndiyo, 2 hapana." Akituma 2, acha hapo, umngoje yeye aanze tena. Usimpigie! Simu ikilia katika chumba kile, umemfichua.

Aliyekosea mara nyingi huandika "pardon". Asipojibu kitu, hujajua lolote: kwenye daftari andika "kimya", usiandike "kosa", ili wa zamu ya asubuhi akiona nukta nyingine ajue ni ya pili.

WhatsApp, haraka, maana naona mnatazama saa. Haikubali kutuma nafasi tupu. Ukipokea ujumbe usio na kitu, mtu ametafuta alama isiyoonekana akaibandika. Huo si wa mfukoni. Noti za sauti zenye ukimya, tutazifanya Alhamisi.