Aya ya Faida katika Barua Pepe ya Kuomba Ufadhili wa Kozi

Ndugu washiriki, nawashukuru kwa kufika. Leo nitazungumzia sehemu moja tu ya barua pepe ya kumwomba mwajiri alipie kozi ya kitaaluma, nayo ni aya inayoeleza mwajiri atapata nini baada ya mafunzo. Jina la kozi, chuo na tarehe hakuna anayeshindwa kuviandika. Maombi mengi hukwama kwenye aya hii.

Kwanza tujue nani anaisoma. Meneja wako mara nyingi hana mamlaka ya mwisho juu ya fedha hizo, kwa hiyo ataisambaza barua kwa idara ya rasilimali watu na ile ya fedha, ambako itasomwa na watu wasiokujua na ambao hutakuwepo kuwafafanulia. Mtu wa fedha akikuta maneno kama "kozi hii itaniongezea ufanisi na kunijengea uwezo", hana pa kuyashika, kwa sababu yanaweza kusemwa na mfanyakazi yeyote kuhusu kozi yoyote.

Tuchukue mfano wa mhasibu msaidizi anayetaka kusomea utayarishaji wa taarifa za fedha. Ofisi yake humlipa mshauri wa nje 600 kila robo mwaka ili aandae taarifa hizo; sarafu muipe jina mnalotaka. Ada ya kozi ni 900, mtihani 150, na usafiri 250, jumla 1,300. Mwombaji mwenye haraka ataandika kwamba mshauri hulipwa 2,400 kwa mwaka, basi ofisi itaokoa 2,400. Mtu wa fedha atatilia shaka papo hapo, maana anajua kwamba aliyetoka darasani jana hakabidhiwi taarifa nzima peke yake.

Aya iliyo bora ingesomeka hivi: "Kwa sasa taarifa zetu za robo mwaka huandaliwa na mshauri wa nje kwa malipo ya 600. Baada ya kozi nitaandaa taarifa za robo ya kwanza mwenyewe, na ninapendekeza mshauri azikague kwa nusu ya malipo yake, iwapo ataridhia. Kuanzia robo ya pili nitaziandaa bila yeye, zikaguliwe na Mhasibu Mkuu. Kwa mpango huu ofisi itaokoa 300 katika robo ya kwanza na 600 katika kila robo inayofuata, hivyo gharama yote ya 1,300 itakuwa imerudi kufikia mwisho wa robo ya tatu." Tazameni kwamba ahadi imepungua, lakini kila tarakimu inaweza kuhakikiwa kwenye ankara ambazo idara ya fedha inazo tayari.

Hapa pana jambo ambalo waombaji wengi hulichanganya. Muda unaookolewa si fedha inayookolewa. Ukisema kwamba kazi ya siku nne sasa itachukua siku mbili, mshahara wako haupungui kwa sababu hiyo, na bajeti haitaona tofauti yoyote isipokuwa siku hizo zilikuwa zikilipiwa saa za ziada. Muda utajwe, lakini utajwe kama muda, pamoja na kazi itakayofanywa ndani yake: kwa mfano, madeni ya wateja yatafuatiliwa kila wiki badala ya kila mwezi. Tukiugeuza kuwa fedha kwa kuzidisha saa na mshahara, tunaharibu hata ile hesabu yetu iliyo sahihi.

Gharama nazo zisifichwe. Kama utakuwa nje ya ofisi siku tano, ziandike, na umtaje mwenzako aliyekubali kushika kazi zako baada ya kuzungumza naye. Kuna pia maswali mawili ambayo mwajiri huyawaza hata asipoyasema: je, ukifeli, na je, ukihama? Kwa la kwanza, mwombaji wetu anaweza kuahidi kwamba ada ya kurudia mtihani ataibeba mwenyewe. Kwa la pili, waajiri wengi huweka sharti la kurejesha gharama kwa anayeondoka mapema, na deni hilo mara nyingi hupungua kila mwezi anaoendelea kufanya kazi. Ni vizuri kulitaja wewe mwenyewe, ila usiahidi muda ambao hujaufikiria kwa dhati, kwa kuwa ukishatia sahihi ni mkataba.

Aya hiyo ikishakamilika, ombi lenyewe linatosha kwa sentensi moja: "Naomba idhini ya 1,300 kabla ya tarehe 15, kwa kuwa usajili unafungwa tarehe 20; na ikiwa bajeti ya sasa haitoshi, naomba ofisi ilipe ada na mtihani, nami nitagharamia usafiri."